Kabla Bei ya New York Haijabandikwa Ukutani

Katika nchi zetu zinazolima arabika, bei ya kahawa huanza kutajwa New York. Mnunuzi akikaa na viongozi wa chama cha ushirika kuzungumzia mzigo ulioko ghalani, mara nyingi hesabu yake huanzia bei ya soko la ICE, kisha huongeza au kupunguza senti kadhaa kulingana na ubora, asili ya kahawa na gharama za kuifikisha bandarini. Mkataba wa arabika unaouzwa katika soko hilo huitwa kwa herufi moja tu, C, na kahawa ya Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa zile zinazokubalika kukabidhiwa chini yake. Mkulima asiyeiona bei hiyo hujadiliana gizani na mtu mwenye tochi.

Basi tuseme chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, huko Mbinga kimeamua kuwasha tochi ya pili. Kamati inataka ubao wa bei kwenye tovuti ya chama, unaofunguka kwa yeyote mwenye simu, na skrini moja kubwa kwenye ukuta wa ofisi ya ghala. Hawahitaji bei ya sekunde hii. Bei ya robo saa iliyopita inawatosha kabisa, maana hakuna anayeuza gunia kwa kasi hiyo. Kijana anayeshughulikia tovuti anasema kazi ni ya jioni moja, na hasemi uongo. Mistari hii mitatu ya Python inaleta bei:

```
import yfinance as yf
kc = yf.Ticker("KC=F")
print(kc.history(period="1d")["Close"])
```

Tatizo ni kwamba watunzaji wa `yfinance` wenyewe wanaeleza kuwa chombo hicho ni cha utafiti na kujifunza, na kwamba data za Yahoo zinazopatikana kupitia humo zimekusudiwa matumizi binafsi. Kijana akiiangalia bei nyumbani kwake yumo ndani ya mpaka. Akiiweka mbele ya umma kwa jina la chama, ametoka nje ya mpaka huo, hata kama hatozi mtu senti. Kinachohitajika kabla ya kuandika programu yoyote ni barua kwa kampuni inayouza data za soko, na barua hiyo ndiyo ninayotaka tuiandike hapa, aya kwa aya. Huenda itapelekwa kwa Kiingereza, lakini mambo ya kuuliza hayabadiliki kwa kubadili lugha.

Kwanza lazima tujibu swali ambalo mjumbe fulani wa kamati ataliuliza, na ana haki ya kuliuliza: bei inawezaje kuwa na mwenyewe? Watu wawili wamekubaliana ratili ya kahawa kwa senti 300, hilo ni tukio lililotokea. Nani anamiliki tukio?

Swali hili limeshafika mahakamani zaidi ya mara moja. Tangu mashine ya kuchapa bei kwenye utepe wa karatasi kupitia waya za simu ya maandishi ilipobuniwa mwaka 1867, masoko ya Marekani yalijikuta yana bidhaa ya pili mbali na biashara yenyewe, nayo ni habari za biashara hiyo. Soko la nafaka la Chicago lilikuwa likizipatia kampuni za simu bei zake kwa mkataba, na wapokeaji waliahidi kutozigawa ovyo. Lakini zilikuwapo nyumba za kamari zilizokuwa zikizipata bei hizo bila mkataba na kuwaacha watu wabahatishe kama zitapanda au zitashuka, pasipo punje moja ya ngano kununuliwa. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya soko hilo dhidi ya kampuni ya Christie. Ilisema kwamba soko lililozikusanya bei hizo kwa kazi na gharama yake lina haki ya kuzilinda, na kwamba kuwapa watu wengi kwa masharti hakulifanyi lipoteze haki hiyo.

Miaka 102 baadaye upepo ulivuma upande mwingine. Soko la NYMEX liliishtaki ICE kwa kutumia bei zake za kufungia siku. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kwamba hakimiliki haiwezi kuzifunika bei hizo, kwa sababu wazo lililomo ndani ya bei moja na tarakimu zinazolieleza havitenganishiki, na ukilinda tarakimu utakuwa umelifungia wazo lenyewe. Mshindi wa kesi hiyo, ICE, ndiyo mwenye soko la kahawa tunalolizungumzia. Ililichukua mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2007.

Mtu anaweza kusoma uamuzi huo wa pili akashangilia kwamba bei ni mali ya wote. Asifanye haraka. Mahakama ilizungumzia hakimiliki, na chama chetu hakitaipata bei ya New York kwa kusimama dirishani na kuchungulia. Kitaipata kupitia mtu fulani, na mtu huyo ataitoa baada ya masharti kukubaliwa, iwe kwa kutia sahihi au kwa kubofya kitufe cha kukubali. Hapo kinachokubana ni ahadi uliyoitoa, na ahadi hiyo inasimama hata pale ambapo hakimiliki haipo. Kwa hiyo barua yetu haiulizi kama bei ina mwenyewe. Inauliza umeahidi nini, na unaruhusiwa nini.

Jambo la pili la kulielewa ni kwamba mikono ni mingi. Soko lenyewe ndilo chanzo. Muuzaji wa data ana mkataba na soko unaomruhusu kupokea bei na kuzigawa kwa namna fulani. Wewe una mkataba na muuzaji. Nyuma yako upo umma. Haki haziwezi kuongezeka zinaposhuka ngazi: muuzaji hawezi kukupa ruhusa ambayo soko halikumpa yeye. Hapa ndipo vyama vidogo na kampuni changa hujikwaa. Wanalipa ada ya mwezi kwa muuzaji, wanapata ufunguo wa kuchotea data, mfumo unafanya kazi, na wanaamini kwamba kwa kuwa wamelipa basi wameruhusiwa. Kumbe walicholipia ni bomba, na ruhusa ya kuonyesha bei za soko fulani mbele ya umma ni karatasi nyingine kabisa, ambayo wakati mwingine hutolewa na soko lenyewe.

Na ucheleweshaji je? Bei za masoko ya New York na Nasdaq huitwa zilizocheleweshwa baada ya dakika 15, na za soko la CME la Chicago baada ya dakika 10. Kupita dakika hizo thamani ya bei kwa mfanyabiashara wa haraka imepungua sana, ndiyo maana masoko hulegeza masharti na kushusha au kufuta ada. Ila kulegeza si kuachia. Bei iliyocheleweshwa bado ina masharti ya kuonyeshwa, na kila soko lina idadi yake ya dakika. Usidhani kwamba dakika 15 za soko moja ndizo za jingine. Uliza.

Sasa barua. Aya ya kwanza iseme sisi ni nani na tunataka kufanya nini, kwa undani unaomnyima msomaji nafasi ya kujibu kwamba inategemea.

"Yah: Masharti ya leseni ya kuonyesha kwa umma bei zilizocheleweshwa za kahawa. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa nchini Tanzania. Tunakusudia kuonyesha bei ya mkataba wa kahawa C wa ICE Futures U.S., kwa miezi miwili ya mkataba iliyo karibu, ikiwa imecheleweshwa. Bei itaonekana katika sehemu mbili: ukurasa mmoja wa tovuti yetu, ulio wazi kwa kila mtu bila kujisajili na bila malipo, na skrini moja iliyoko ukutani katika ofisi ya ghala letu. Ukurasa hautakuwa na matangazo ya biashara. Hatutatumia bei hizi kununua wala kuuza mikataba katika soko lenu."

Kila kipande hapo kina kazi yake. Kutaja mkataba mmoja kunazuia muuzaji asikuuzie furushi zima la masoko usiyoyahitaji. Kusema miezi miwili ni muhimu kwa sababu kahawa C haina bei moja: kuna ya Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba, kila moja na tarakimu zake. Kusema kwamba hakuna usajili kunamjulisha kwamba huwezi kuhesabu watazamaji. Leseni nyingi hupangwa kwa idadi ya watumiaji, na ukijaza fomu yenye nafasi ya idadi hiyo ukaweka makisio yako, utakuwa umeahidi kitu usichoweza kukitimiza. Habari ya matangazo huulizwa mara nyingi, maana ukurasa unaoingiza fedha huweza kuwekwa katika kundi jingine la ada.

Aya ya pili ndiyo moyo wa barua:

"Tunaomba mtuthibitishie kwa maandishi: (a) kama leseni yenu inaruhusu matumizi tuliyoyaeleza hapo juu, au kama tunahitaji pia mkataba wa moja kwa moja na soko, (b) bei za mkataba huu huhesabiwa kuwa zimecheleweshwa baada ya dakika ngapi, na dakika hizo huanza kuhesabiwa wapi, (c) nani atatekeleza ucheleweshaji huo, ninyi au sisi, (d) bei huacha lini kuwa iliyocheleweshwa na kuwa ya kihistoria, na masharti yake hubadilikaje."

Swali la tatu huonekana dogo, nami ningelipigia mstari. Kama muuzaji anakuletea bei ambayo tayari imecheleweshwa, kazi yako ni rahisi. Lakini wapo wanaokuletea bei za papo kwa papo na kukuachia wewe uzizuie kwa dakika zinazotakiwa. Hapo umekuwa mpokeaji wa bei za papo kwa papo, zenye ada na masharti makali zaidi, hata kama hakuna mtu wa nje atakayeziona. Na siku ambayo programu yako itateleza ikaonyesha bei mbichi, umevunja mkataba bila kujua. Chama cha ukubwa wetu kiombe bei iliyocheleweshwa tangu kwa muuzaji, basi.

Aya ya tatu inahusu kitu ambacho wakulima ndicho watakachokihitaji hasa, na ambacho ndani ya mikataba kina mtego. Kahawa C hunukuliwa kwa senti za Marekani kwa ratili. Hakuna mkulima Mbinga anayefikiri kwa senti na ratili. Anataka shilingi kwa kilo. Kijana wetu atafanya hesabu: senti 300 ni dola 3, ratili moja ni kilo 0.45359, hivyo kilo moja ni dola 6.61; na tukichukua kwa mfano kwamba dola ni shilingi 2,600, kilo inafika shilingi 17,196 hivi. Tarakimu hiyo haionekani popote katika soko la New York. Ameizalisha yeye. Je, bado ni ya soko?

Katika mikataba mingi jibu hutegemea kama safari ya kurudi inawezekana. Yeyote anayejua kiwango cha kubadilishia fedha anaweza kuchukua shilingi 17,196, akagawanya kwa 2,600, akazidisha kwa 0.45359, na akaipata dola 3 ileile. Kwa kuwa asili inarudi, muuzaji huichukulia bei ya shilingi kuwa ni bei ya soko iliyovaa nguo nyingine, na masharti yote yanaifuata. Wastani wa wiki ni jambo tofauti. Ukichanganya bei za kufungia za siku tano ukatoa tarakimu moja, hakuna awezaye kuirudisha kuwa bei ya Jumanne. Data za namna hiyo mara nyingi hupewa uhuru zaidi, japokuwa zipo leseni zinazodai nazo ziruhusiwe kwanza. Kati ya hizo mbili pana eneo la utata: mshale wa kijani wa kupanda na mwekundu wa kushuka hautoi chochote cha kurudisha, lakini asilimia ya mabadiliko ikiwekwa karibu na bei ya jana inatoa kila kitu. Kwa hiyo barua isiulize kwa ujumla. Iweke mifano mezani:

"Tungependa kuonyesha vitu vitatu vinavyotokana na bei hizi: bei iliyogeuzwa kuwa shilingi za Tanzania kwa kilo, wastani wa wiki wa bei za kufungia, na grafu ya bei za kufungia za miaka mitano iliyopita. Tafadhali tuelezeni kila kimoja kinachukuliwaje chini ya leseni yenu. Aidha, tunauliza kama tunaweza kuhifadhi bei hizo katika mfumo wetu, kwa muda gani, na kama leseni ikikoma tutalazimika kuzifuta."

Sentensi ya mwisho huwashtua watu. Mikataba mingi ya data ni kama ya kupanga nyumba, siku ukihama unarudisha funguo, na bei ulizokusanya kwa miaka yote hiyo zinatakiwa zifutwe. Ikiwa grafu ya miaka mitano ndiyo roho ya ubao wako, ni vyema ujue sasa kama itaondoka siku utakaposhindwa kulipa ada.

Aya ya nne iseme bei itasafiri hadi wapi. Hapa ndipo maisha yetu yanapotofautiana na yale yaliyofikiriwa na walioandika mikataba hiyo London au New York. Kwa kawaida fomu huuliza kuhusu tovuti na programu za simu. Lakini katibu wa chama, hata asipoambiwa, atapiga picha ya skrini kila jioni na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wanachama. Redio ya wilaya itaomba kuisoma bei hiyo kwenye kipindi cha wakulima. Wanachama wasio na simu janja watataka ujumbe mfupi. Kila moja ya njia hizo, kwa macho ya muuzaji, ni kusambaza data upya. Tovuti ikiwa na ruhusa, ruhusa hiyo haihamii kwenye ujumbe mfupi. Ningeandika waziwazi:

"Tunaomba kujua kama leseni inaruhusu pia kutuma bei moja ya kufungia kwa siku kwa wanachama wetu kupitia ujumbe mfupi na makundi ya WhatsApp, na kama kituo cha redio kinaweza kuisoma kwa kututaja sisi na soko kuwa chanzo. Tovuti yetu haitakuwa na kitufe cha kupakua data wala njia ya mifumo mingine kuzichota."

Ahadi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kwa upande wa pili wa meza. Kinachomtisha muuzaji ni kwamba ukurasa wako utageuka dirisha la nyuma ambalo wateja wake watachotea bila kulipa, kuliko hata mkulima kuiona bei. Ukionyesha kwamba bei itaonekana kwa macho tu na haitatoka kama faili, umemwondolea hofu hiyo. Lakini ukishaahidi, timiza. Kitufe cha kupakua faili la CSV, kinachowekwa kwa nia njema na mtu wa kujitolea mwaka mmoja baadaye, kinabadilisha leseni yako yote.

Aya ya tano ni fupi: ada ni kiasi gani kwa mwezi na kwa mwaka, ya muuzaji peke yake na ya soko peke yake, maneno gani yaandikwe kwenye skrini, ripoti gani zitumwe na kila baada ya muda gani, na ukaguzi ukifanyika, nani anaulipia na unarudi nyuma miaka mingapi. Suala la ukaguzi lisirukwe kwa aibu. Mikataba mingi inampa muuzaji au soko haki ya kuja kukagua matumizi yako na kudai ada za nyuma pale watakapoona umevuka mpaka. Chama kinachohifadhi barua yake na jibu lake pamoja kwenye jalada moja kina kitu cha kumwonyesha mkaguzi.

Jibu litakuja, na kulisoma ni kazi yenyewe. Jibu zuri linarudia maneno yako: linataja tovuti, linataja skrini, linataja mkataba wa kahawa, kisha linasema inaruhusiwa au hairuhusiwi. Jibu la kulitilia shaka linatoka kwa ofisa wa mauzo na kusema, kwa furaha nyingi, kwamba mpango wao wa bei fulani unafaa kabisa kwa mahitaji yenu. Kufaa hakuna maana kisheria. Mwandikieni tena kwa heshima, mumwombe ataje kifungu cha mkataba kinachoruhusu kuonyesha bei kwa umma. Na lipo neno dogo la kuliwinda ndani ya mkataba wenyewe: matumizi ya ndani. Ukilikuta limeambatana na data zilizocheleweshwa, maana yake wafanyakazi wa chama wanaweza kuangalia, na mkulima aliyesimama mbele ya ukuta hawezi. Barua pepe ya ofisa wa mauzo inayosema kinyume chake haitakusaidia sana ikiwa mkataba una kifungu kwamba maandishi ya mkataba peke yake ndiyo makubaliano yote, na mikataba mingi inacho. Omba ruhusa yako iingizwe kama nyongeza ya mkataba.

Tuchukulie ruhusa imepatikana, na bei za mkataba huu zimetajwa kuwa na ucheleweshaji wa dakika 15. Sasa skrini iandikwe nini? Majira ya kiangazi ya New York, soko la kahawa hufunguliwa kwetu saa 5:15 asubuhi na kufungwa saa 2:30 usiku. Marekani ikirudisha saa zake nyuma mwezi wa Novemba, nyakati hizo husogea kuwa saa 6:15 mchana na saa 3:30 usiku, nasi huku hatujabadilisha chochote. Programu iliyoandikwa kwa saa za Afrika Mashariki bila kujua hilo itasema soko limefungwa wakati watu wanauza.

Tuseme biashara imefanyika saa 10:00 jioni kwa saa zetu. Inaruhusiwa kuonekana kuanzia saa 10:15. Ikiwa mfumo wetu huenda kuchukua bei kila baada ya dakika 10, bei ileile inaweza kuonekana mara ya kwanza saa 10:24. Hapo hakuna kosa lolote la leseni, lakini maandishi ya skrini yakisema "dakika 15" yatakuwa yanamdanganya mkulima. Yaandikwe "imecheleweshwa kwa angalau dakika 15", na kando yake uwekwe muda ambao biashara ilifanyika sokoni. Usiweke muda ambao mfumo wako uliichukua bei. Nimeona mbao za bei zinazoweka muda wa kuchukua, na unapokatika mtandao kwa muuzaji, bei ya asubuhi huendelea kupigwa muhuri mpya kila dakika 10 mpaka jioni. Dalili yake ni rahisi kuiona: tarakimu haitikisiki hata kidogo huku saa inasonga. Ukiandika muda wa soko, mkulima mwenyewe ataona kwamba bei ni ya zamani, hata kabla ya kijana wa tovuti kugundua.

Kosa jingine halihusu leseni lakini huharibu imani ya watu kwenye ubao. Mkataba wa Julai unapokaribia kuisha, mfumo huhamia Septemba. Kama Julai ilikuwa senti 300 na Septemba ni 294, ubao utaonyesha mshale mwekundu wa senti 6 siku hiyo, na mnunuzi mjanja atauelekezea kidole. Hakuna kilichoshuka, tumehama mwezi. Ndiyo maana barua iliomba miezi miwili. Ukiionyesha yote miwili pamoja na jina la kila mwezi, uhamisho unaonekana ulivyo.

Na ikiwa ada itakuwa nje ya uwezo wa chama? Njia ya kwanza ni kutumia kisanduku cha bei kilichotengenezwa na muuzaji mwenyewe, kinachopachikwa kwenye ukurasa. Bei inatoka kwake moja kwa moja hadi kwa mtazamaji, na mzigo wa leseni unabaki kwake, mradi jina lake lisifutwe. Vile vya TradingView ni mfano unaojulikana. Jaribu kwanza bei unayoitaka, kwa sababu zipo zinazokataa kufunguka nje ya tovuti yao, na kukataa huko ni ishara kwamba soko husika halikuruhusu. Tena huwezi kuigeuza bei ya kisanduku hicho kuwa shilingi kwa kilo.

Njia ya pili ni kuachana na dakika. Benki ya Dunia hutoa kila mwezi bei za wastani za arabika na robusta, kwa dola kwa kilo, chini ya leseni huria inayotaka tu chanzo kitajwe. Hizo unaweza kuzigeuza kuwa shilingi, kuzichorea grafu ya miaka mingi, kuzituma kwa ujumbe mfupi, kuzisoma redioni na kuzihifadhi milele. Hazitamwambia mkulima kama leo ni siku ya kuuza. Zitamwonyesha kama bei anayopewa msimu huu iko karibu na ya dunia au imeachwa mbali, na kwa kamati inayojiandaa kukaa na mnunuzi mwezi ujao, ubao wa namna hiyo unaweza kuanza kazi wiki hii wakati barua ikisubiri jibu.